Viatu vya pekupeku: vinamfaa nani, na namna ya kuvihamia bila kuumiza kigimbi na kano ya kisigino

Wasikilizaji wa kipindi chetu cha asubuhi wamekuwa wakituuliza maswali mawili yanayoonekana kugongana. Mmoja amesikia kwamba viatu vyenye soli nyembamba, vile ambavyo ukivivaa unahisi kama uko pekupeku, vinapunguza maumivu ya magoti. Mwingine alivinunua, akakimbia navyo wiki mbili, na sasa akishuka kitandani asubuhi anachechemea. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Viatu hivi haviondoi mzigo mwilini, vinauhamisha. Unatoka kwenye goti na kwenda chini, kwenye kigimbi, kwenye kano ya kisigino na kwenye mifupa ya unyayo. Anayefaidika ni yule ambaye sehemu hizo za chini zimepewa muda wa kujiandaa kuupokea.

Katika makala haya tunaeleza kiatu cha aina hii kinatambulikaje, mzigo huo unahama vipi, nani avitumie na nani asubiri. Kisha tutamfuata mkimbiaji mmoja wa mfano, wiki kwa wiki, mpaka amalize kuhama.

Utakitambuaje

Raba ya kawaida ya kukimbilia ina sponji nene, na sponji hiyo ni nene zaidi nyuma kuliko mbele. Kwa raba nyingi kisigino hukaa milimita 8 hadi 12 juu ya usawa wa vidole. Kiatu cha pekupeku hakina mwinuko huo, au kina wa milimita chache mno. Ni chepesi, soli yake ni nyembamba na inakunjika, na mbele ni kipana ili vidole vitandazike. Hakina kikombe kigumu cha kushika kisigino wala kinundu cha kuinua upinde wa unyayo.

Kwa kuwa wengi wetu tunanunua raba kwenye mitumba, ambako boksi na maelezo hayapo, tumia mikono yako. Kunja kiatu katikati, kisha kipindishe kama unayekamua nguo. Kiatu cha pekupeku kinakubali yote mawili bila kubishana nawe. Toa soli ya ndani, iweke sakafuni na uikanyage. Vidole vikimwagika nje ya ukingo, kiatu ni chembamba kwako hata kama namba yake ni yako. Ingiza mkono ndani uguse sehemu ya kisigino, kwa sababu vipo viatu ambavyo kwa nje soli ni bapa lakini ndani kimefichwa kipande cha sponji kinachoinua kisigino. Mwisho, kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alishakilemaza, na soli nyembamba iliyolemaa inapitisha ulemavu huo moja kwa moja mguuni mwako.

Kuna anayeuliza, je, kandambili na katambuga si viatu vya pekupeku? Kwa ubapa, ndiyo. Lakini kandambili humlazimu mtu kukunja vidole ili isichomoke, na katambuga, kwa kuwa ni tairi la gari, haikunjiki vya kutosha kuacha unyayo ufanye kazi yake. Hata hivyo, mtu aliyezoea kushinda na kimojawapo ana nafuu fulani. Kisigino chake kimezoea kukaa chini, na hiyo ni nusu ya safari ambayo mvaa viatu vya kuchuchumia hajaianza.

Mzigo unahama vipi

Ukishika kigimbi chako, yaani shavu la mguu, msuli unaoujaza mkono ni ule wa juu. Chini yake kuna mwingine, bapa, ambao hauonekani kwa urahisi, na huo ndio hufanya kazi kubwa mtu anapokimbia. Misuli yote miwili inaungana chini na kuwa kano moja nene, ile unayoweza kuibana kwa vidole viwili juu ya kisigino. Kila unapokanyaga na kujisukuma mbele, kano hii huvutwa na kurudi kama mpira wa manati.

Sasa ondoa mwinuko wa milimita 10 chini ya kisigino. Kwa kila hatua kisigino kinashuka zaidi, kwa hiyo kigimbi na kano vinanyooshwa zaidi huku vikiwa vimebeba uzito. Aidha, mtu aliyevaa soli nyembamba, akihisi ugumu wa ardhi, huanza mwenyewe kufupisha hatua na kutua kwa katikati au mbele ya unyayo badala ya kubamiza kisigino. Mtuo huo unapunguza mkandamizo kwenye goti, hasa nyuma ya kifuniko cha goti, lakini kazi ya kuzuia mwili usianguke inaangukia kigimbi. Mtu anayekimbia dakika 35 kwa hatua 165 kwa dakika anapiga hatua karibu 5,800. Yaani kila mguu unavutwa kano yake mara 2,900 kwa namna ambayo haijawahi kuvutwa, ndani ya asubuhi moja.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba sehemu za mwili hazizoei kwa kasi moja. Msuli una damu nyingi na huanza kupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano ina damu kidogo na hujijenga taratibu, kwa miezi. Mfupa nao una tabia yake, kwani ukipewa mzigo mpya kwanza huondoa sehemu ya mfupa wa zamani, ndipo ujaze mpya. Katikati hapo kuna kipindi ambacho ni dhaifu kuliko ulipoanza. Ndiyo maana wiki ya tatu au ya nne ni ya kuangaliwa sana. Kigimbi hakiumi tena, mtu anajiona amezoea, anaongeza umbali, na kumbe kano na mifupa bado iko nyuma kabisa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walilionesha hili mwaka 2013. Walichukua wakimbiaji wazoefu 36, baadhi wakabaki na raba zao na 19 wakahamia viatu vya vidole vitano kwa wiki 10. Kabla na baada ya hapo miguu yao ilipigwa picha kwa mashine ya sumaku. Miongoni mwa wale 19, watu 10 walikutwa na uvimbe mpya ndani ya mifupa ya miguu, dalili kwamba mfupa unazidiwa. Katika kundi lililobaki na raba, alikutwa mmoja tu. Hawa hawakuwa watu wa kujaribu mbio kwa mara ya kwanza. Walikuwa wakimbiaji, na walipewa ratiba ya kuhama polepole; wiki 10 hazikutosha.

“Lakini sisi tumekua pekupeku”

Hoja hii tunaisikia mara nyingi, na haifai kupuuzwa. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti ambao kati ya waliopimwa walikuwamo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliokulia pekupeku. Wengi wao walitua kwa mbele au katikati ya unyayo, na kishindo cha mguu kugonga ardhi kilikuwa kidogo. Utafiti huo ulikuja muda mfupi baada ya kitabu cha Christopher McDougall kuhusu wakimbiaji wa Meksiko, na duniani kote watu wakakimbilia viatu vya soli nyembamba.

Lakini yapo mambo mawili ambayo hayasimuliwi sana. La kwanza, mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mwingine, uliofanywa kaskazini mwa Kenya kwa Wadaasanachi, ambao nao hutembea pekupeku maisha yao yote. Walipokimbia kwa mwendo wa kawaida wa mbali, wengi wao walitua kwa kisigino. Kwa hiyo hakuna mtuo mmoja ambao ndio “wa asili,” na kujilazimisha kukimbia kwa ncha za vidole kwa kudhani ndivyo mababu walivyokimbia ni njia ya mkato ya kuumiza kano. La pili, Bikila mwenyewe alishinda tena Tokyo mwaka 1964, safari hii akiwa na viatu, na kwa muda mfupi zaidi.

Kijana aliyekwenda shule pekupeku kwa miaka 10 alikuwa katika maandalizi ya miaka 10. Akija mjini, akavaa viatu vyenye kisigino kwa miaka 15, mwili unazoea upya. Ngozi ya unyayo inalainika, misuli midogo ya unyayo inapungua, kigimbi kinajifupisha. Kumbukumbu ya utotoni haibebi uzito wa kilo 80 za leo.

Kampuni ya Italia ya Vibram, watengenezaji wa viatu vya vidole vitano, mwaka 2014 ilikubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani waliodai kwamba matangazo yake ya faida za kiafya hayakuwa na msingi wa kutosha. Kampuni haikukiri kosa. Tunaitaja kesi hiyo kwa sababu madai yaleyale bado tunayasikia madukani.

Nani anafaidika, nani asubiri

Faida iliyo wazi zaidi ni nguvu ya unyayo, na kwa bahati nzuri haihitaji kukimbia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, uliwapa watu wazima viatu hivi wavivae katika shughuli zao za kila siku kwa miezi sita. Nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50 kwa wastani. Kwa hiyo mtu ambaye lengo lake ni miguu imara, vidole visivyobanana na msimamo mzuri uzeeni, anaweza kuishia kwenye kutembea tu na asikose kitu kikubwa. Sisi tungependa wengi waishie hapo.

Wa pili ni mkimbiaji anayeumwa mbele ya goti, nyuma ya kile kifuniko, hasa anaposhuka ngazi au mteremko. Kwake kuhamisha sehemu ya mzigo kwenda kwenye kigimbi kuna maana. Lakini maumivu ya goti si ya aina moja. Mzee ambaye goti lake limelika sana ni suala tofauti. Utafiti wa Melbourne, Australia, wa mwaka 2021, ulilinganisha viatu bapa vinavyokunjika na viatu imara vyenye msaada kwa watu wenye magoti yaliyolika sana, na waliopata nafuu zaidi ya maumivu walikuwa wa viatu imara. Huyo asishawishike na hadithi za barabarani.

Sasa wanaopaswa kusubiri, au kuacha kabisa. Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi asivae soli nyembamba. Msumari au kipande cha chupa kinaweza kupenya asihisi, na kidonda kikaanzia hapo. Mwenye maumivu ya kano ya kisigino sasa hivi atibiwe kwanza. Mwenye uzito mkubwa ajue kwamba utafiti mmoja wa Australia, uliofuatilia wakimbiaji 61 kwa wiki 26, ulionesha hatari ya kuumia kwa viatu hivi ikipanda pamoja na uzito, na kwa mtu wa kilo 86 hivi ilikuwa zaidi ya mara tatu ya mwenye raba ya kawaida. Yeye atembee navyo, asikimbie.

Na kuna hili ambalo watu hawalitarajii. Dawa ya siprofloksasini, ile inayoitwa “sipro” na ambayo baadhi yetu tunainunua dukani bila cheti tumbo likichafuka, ni miongoni mwa dawa zinazoweza kudhoofisha kano, kiasi kwamba tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani inataka ziandikwe onyo la kuchanika kwa kano. Hatari huongezeka kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wanaotumia dawa za jamii ya steroidi. Ukiwa kwenye dozi hiyo, au umeimaliza wiki chache zilizopita, si wakati wa kuanza kuhama.

Miezi minne ya mkimbiaji wa mfano

Tumchukue mama wa mfano, karani wa ofisi mjini Arusha, umri miaka 38, kilo 66. Anakimbia mara tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara, na goti la kulia linamsumbua akishuka ngazi za ofisini. Lengo lake ni nusu marathoni ya Kilimanjaro, ambayo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Tunamwanzisha mapema Oktoba. Angetaka kuanza Januari tungemwambia asubiri mbio ziishe.

Kabla ya kuvaa chochote anajipima mara mbili. Kipimo cha kwanza anakifanya akiwa pekupeku. Anasimama akitazama ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, na anajaribu kugusa ukuta kwa goti bila kisigino kunyanyuka. Anaweza miguu yote miwili, kwa hiyo kifundo kinakunjika vya kutosha. Cha pili, anasimama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, vidole vya mkono vimegusa ukuta kwa ajili ya msimamo tu, na ananyanyua kisigino mpaka juu kabisa na kukishusha, akihesabu. Mguu wa kushoto unafika 21. Wa kulia unafika 12 na kuanza kutetemeka. Kigimbi cha upande wa goti bovu ndicho dhaifu, na hicho ndicho tunachotaka kukiongezea mzigo. Basi kwanza kinaandaliwa.

Wiki tatu za mwanzo mbio zote anakimbia na raba yake ya zamani. Viatu vipya anatembea navyo tu, nusu saa kwa siku wiki ya kwanza, saa moja ya pili, saa mbili ya tatu. Siku moja baada ya nyingine anafanya mazoezi ya ngazi. Anasimama kwenye ukingo wa ngazi, ananyanyuka kwa miguu yote miwili, anashuka kwa mmoja polepole, akihesabu mpaka tatu. Anafanya mara 12, anapumzika, anarudia mpaka seti tatu kwa kila mguu. Kisha anarudia goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo ule msuli bapa wa ndani unapofanya kazi. Wengi hufanya la goti lililonyooka tu, na huo wa ndani unabaki nyuma. Ikiwa rahisi anaweka mgongoni begi lenye mfuko wa unga wa kilo 5. Akikaa ofisini anavuta mbele ya unyayo kuelekea kisigino bila kukunja vidole, anashikilia sekunde 5, mara 10. Hakuna anayemwona chini ya meza.

Wiki ya nne anajipima tena. Mguu wa kulia umefika 19. Kama ungekuwa bado kwenye 12 au 13, angebaki kwenye kutembea mpaka uongezeke.

Wiki ya tano anaanza kukimbia navyo, siku mbili kati ya tatu zake za mbio, na siku hizo hazifuatani. Anavivaa dakika 5 za mwanzo, wakati kigimbi hakijachoka, kisha anabadilisha raba na kumalizia dakika 35 zilizobaki. Ndiyo, inamlazimu kupita nyumbani au kumwachia mtu raba, na ni usumbufu, lakini kukimbia navyo mwishoni, misuli ikiwa imechoka, kunaiachia kano kazi yote. Anachagua barabara tambarare ya vumbi gumu au lami nzuri. Nyasi nene zinaonekana salama, ila zinaficha mashimo. Vilima bado, kwa kuwa kupanda kunavuta kano kuliko kitu kingine chochote.

Namna ya kukanyaga haimuumizi kichwa. Anajua hatua zake ni 160 kwa dakika, kwa kuhesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30 na kuzidisha mara 4. Analenga 168 hivi, ambayo humfanya mguu utue karibu na mwili. Kisigino lazima kibusu ardhi kila hatua. Akisikia kinaning’inia hewani, amejigeuza mcheza dansi na kigimbi kitalipa.

Kila baada ya wiki mbili anaongeza dakika 3. Wiki ya 5 na 6 ni dakika 5, ya 7 na 8 ni dakika 8, kisha 11, kisha 14. Wiki ya 12, asubuhi moja, hatua zake za kwanza kutoka kitandani zinakuwa ngumu upande wa kulia, na inachukua kama dakika 10 kulegea. Akibana kano kwa vidole viwili, sentimita kama 4 juu ya kisigino, panauma. Anakumbuka juzi yake alipita barabara yenye kilima kwa sababu ile ya kawaida ilikuwa na matope.

Hapo hakomi kila kitu, wala hasongi mbele. Anarudi kwenye dakika 11, kiwango cha mwisho kisichoumiza, bila vilima. Kutwa anavaa kiatu chenye kisigino kidogo ili kano ipumzike. Hainyooshi kano kwa nguvu ukutani, jambo ambalo wengi hulikimbilia. Badala yake ananyanyua visigino na kushikilia juu sekunde 45, mara 5 kwa siku. Anajiuliza maswali mawili. Wakati wa mazoezi maumivu yanazidi 3 kati ya 10? Kesho yake asubuhi ugumu umeongezeka kuliko jana? Yote yakiwa hapana, anaendelea. Baada ya wiki mbili kano imetulia, anapanda tena 14, kisha 17, na anafika 20 wiki ya 19, ikielekea katikati ya Februari.

Dakika 20 mara mbili kwa wiki ni dakika 40 kati ya 120 zake zote, yaani theluthi. Tunamshauri akae hapo miezi kadhaa, na huenda asiwe na sababu ya kuzidisha. Goti limepewa nafuu na kigimbi kimepata nguvu, na raba ya zamani bado ina kazi yake. Nusu marathoni yenyewe, kilomita 21, ataikimbia na raba.

Maumivu ya kuvumilia na ya kukimbizwa hospitali

Uchovu wa kawaida unakaa katikati ya kigimbi, kwenye nyama, na mara nyingi pande zote mbili. Unafika kilele siku ya pili na siku ya tatu au ya nne umekwisha. Huo unahitaji subira tu.

Maumivu ya kano ni yale tuliyoyaona kwa mama wetu. Yanakaa upande mmoja, karibu na kisigino, yakiwa makali asubuhi na kulegea ukitembea. Kulegea huko kunawadanganya watu wakadhani yameisha. Kipimo chako ni hatua za kwanza za kesho.

Ya mfupa yana tabia tofauti. Unaweza kuyaonesha kwa ncha ya kidole kimoja, juu ya unyayo, nyuma kidogo ya kidole cha pili au cha tatu. Hayalegei ukitembea, yanazidi, na mara nyingine panavimba. Acha kukimbia siku hiyohiyo na umwone daktari. Mweleze kwamba ulibadilisha viatu, kwa sababu ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki mbili au tatu za mwanzo, na unaweza kurudishwa nyumbani ukiambiwa mfupa ni mzima. Maumivu yakiendelea, rudi ukapigwe picha tena.

Ukisikia mlio wa kukatika na hisia kama mtu amekupiga teke nyuma ya mguu, ukageuka ukakuta hakuna mtu, kano inaweza kuwa imechanika. Lala kifudifudi, miguu ikining’inia nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi. Mguu mzima unayo hujikunja wenyewe kuelekea chini. Usipotikisika, au ukiwa na shaka, nenda hospitali leo, usikanyage. Usisubiri eti kwa sababu bado unaweza kusogeza vidole, kwani vidole vina kano zake. Na kigimbi cha upande mmoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma hata ukiwa umekaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi, usikichue kwa mafuta. Linaweza kuwa ni donge la damu kwenye mshipa, na hilo nalo ni la hospitali siku hiyohiyo.